Hatukuwa na Nyota Hata Moja

Akina mama wenzetu wa kanisani wanapotuona tukibeba kompyuta ndogo ndani ya mfuko wa kitenge, huuliza swali moja: "Hao wazungu waliwapataje ninyi, na hapa Katoro hawajawahi kufika?" Leo tumeona tulijibu kwa maandishi, maana jibu lenyewe si refu, lakini lilitugharimu miezi miwili na nusu ya kulijua.

Sisi ni mtu na wifi yake. Mmoja wetu ni binti wa nyumba hii, Msukuma wa hapahapa, fundi cherehani. Mwingine aliolewa hapa akitokea Bukoba, akafundisha Kiingereza kwa kujitolea katika shule moja ya sekondari kwa miaka mitatu bila ajira kutokea. Waume zetu wote wawili walikuwa na hisa katika duara moja la dhahabu. Duara lilipokauka, nyumba mbili zilikauka pamoja nalo. Ndipo tukakopa shilingi 500,000 kwenye kikoba, tukanunua kompyuta iliyotumika na vipokea sauti vya masikioni, tukaahidi kurudisha kwa miezi sita. Kazi tuliyokuwa tumeisikia ni ya kutafsiri na kuandika sauti zilizorekodiwa, ambayo mtu huipata kupitia Upwork, soko la mtandaoni ambako mwenye kazi hutangaza na mwenye ujuzi huomba.

Katika soko hilo, duka lako ni ukurasa mmoja tu unaokueleza, yaani wasifu. Una picha, kichwa cha maneno machache, bei yako kwa saa, maelezo na mifano ya kazi. Chini yake hukaa nyota na maoni ya wateja waliotangulia. Kwetu sisi pale chini palikuwa peupe.

Wasifu wetu wa kwanza tuliuandika usiku mmoja, watoto wakiwa wamelala. Tuliuandika kwa Kiingereza, lakini maana yake ilikuwa hii: "Sisi ni wachapakazi, waaminifu na tunajifunza haraka. Tunatafsiri, tunachapa, tunafanya utafiti, tunaandika makala na kazi nyingine zozote. Tafadhali tupeni nafasi, hamtajuta." Bei tuliweka dola 3 kwa saa, ya chini kabisa tuliyoruhusiwa, tukiamini kwamba rahisi hununuliwa upesi.

Tulituma maombi 14 katika majuma matano. Kila ombi hulipiwa kwa vitu viitwavyo Connects. Tulipewa vichache vya kuanzia, vingine tukanunua kwa senti 15 za dola kila kimoja, na ombi moja humeza kadhaa. Hakuna aliyejibu, isipokuwa mtu mmoja aliyetusifu sana, akatutaka tuhamie Telegram, kisha akadai dola 20 "za usajili" ndipo atupe kazi. Mmoja wetu alikuwa ameshatoa pesa ya unga. Mwenzake akamwambia, "Wifi, tangu lini mwenye shamba akatozwa pesa na kibarua, au kibarua akamlipa mwenye shamba ili alime?" Tuliiacha. Tangu hapo hatuhami na mtu nje ya soko kabla ya mkataba, na hatulipi ili tupate kazi.

Jioni moja tulikaa kujiuliza kosa liko wapi. Tuligundua kwamba soko lenyewe lilikuwa likituambia, ila hatukujua kusoma. Chini ya kila tangazo la kazi kuna mstari ulioandikwa "Last viewed by client", unaoonyesha ni lini mwenye tangazo alilitazama mara ya mwisho, na mwingine wa "Interviewing", unaoonyesha anazungumza na waombaji wangapi. Ikiwa mwenye kazi hajarudi kulitazama tangu ulipotuma, hajakukataa, hajafika tu. Lakini akiwa amerudi, anazungumza na watatu, na wewe si mmojawapo, basi kuna kitu chako kilichomfanya apite. Katika maombi yetu 14, tisa yalikuwa ya namna hiyo ya pili. Walipita mlangoni petu wakaendelea na safari.

Tena tukaona jambo jingine. Mteja anapotafuta watu, hafunguliwi wasifu mzima. Huona picha, kichwa, bei na mistari michache ya kwanza. Sisi mistari yetu ya kwanza ilisema "wachapakazi, waaminifu". Nani katika soko lile ameandika kwamba ni mvivu na mwongo? Maneno ambayo kila mtu anaweza kuyasema hayamsaidii mteja kuchagua. Na ile bei ya dola 3, badala ya kumvuta, ilimwambia kwamba hata sisi hatujiamini.

Hapo likatujia wazo kutoka kwenye cherehani. Fundi mgeni akifungua kibanda hapa Katoro, hakuna anayemjua wala wa kumsifia. Hasimami barabarani kupiga kelele kwamba yeye ni mwaminifu. Hununua kitambaa kwa pesa yake, hushona gauni moja kwa ustadi wote alionao, akalitundika mlangoni. Anayepita huona mishono kwa macho yake. Gauni lile husema kile ambacho wateja wangesema, kama angekuwa nao. Tukaulizana: je, gauni letu ni lipi?

Kutafsiri Kiswahili kwa jumla hakungekuwa gauni letu. Kuna maelfu ya Watanzania na Wakenya wanaofanya hivyo, wengine wana nyota miaka kumi. Ilitubidi tutafute kitu chembamba ambacho sisi tunakijua kwa sababu ya mahali tulipo. Nasi tupo katikati ya dhahabu. Watafiti wa vyuo na mashirika huja mkoa wa Geita kuwahoji wachimbaji wadogo juu ya zebaki, juu ya akina mama wanaoponda mawe, juu ya mikataba ya mapato. Huondoka na saa nyingi za sauti, na mtu fulani lazima aziandike na kuzitafsiri. Mtu huyo akiwa hajui lugha ya machimboni, huharibu.

Chukueni sentensi hii, ambayo hapa kwetu hata mtoto huielewa: "Duara lilitema mwezi wa saba, mawe tukapeleka karasha, tukaosha mwaloni, mwenye mwalo akabaki na marudio." Anayetafsiri kwa kamusi ataandika kwamba mviringo ulitoa mate, na kwamba mtu fulani alibaki na mambo ya kurudia-rudia. Hata mtu wa ziwani ataukosea mwalo, kwa kuwa kwake mwalo ni mahali mitumbwi inapotua na samaki. Kumbe duara ni shimo la kuchimbia pamoja na wenye hisa zake, kutema ni kutoa dhahabu, karasha ni mashine ya kusaga mawe, mwalo ni mahali pa kuoshea, na marudio ni mchanga uliokwisha kuoshwa, ambao bado una dhahabu ndani yake na ndio faida ya mwenye mwalo. Mtafiti wa mapato asipolielewa neno hilo la mwisho, amepotewa na nusu ya habari.

Hilo ndilo lililokuwa gauni letu, nasi tukalishona. Tulimwendea baba yetu, ambaye kwa mmoja wetu ni mzazi na kwa mwingine ni baba mkwe. Tulimweleza kwamba sauti yake itasikiwa na watu tusiowajua, na kwamba hatutalitaja jina lake wala la mwenye duara. Alicheka, akakubali. Binti ndiye aliyeuliza maswali, mkwe akaketi pembeni na simu ya kurekodia. Alizungumza dakika tatu jinsi mawe yanavyogawanywa kati ya mwenye eneo, wenye duara na wachimbaji.

Kisha tukaziandika dakika zile tatu kama ambavyo tungemwandikia mteja. Ukurasa ulikuwa na safu mbili, Kiswahili kushoto na Kiingereza kulia. Kila msemaji alipoanza tuliweka muda, ili mtu aweze kurudi kwenye sauti na kuhakikisha. Mahali ambapo jogoo aliwika tukashindwa kusikia, hatukubahatisha, tuliandika [haisikiki 01:47]. Chini tukaeleza maneno sita ya machimbo, kila moja kwa sentensi moja. Juu kabisa tuliandika wazi kwamba huu ni mfano tuliojitengenezea, si kazi ya mteja. Jambo hili ni kubwa. Mfano wa kujitengenezea ni halali kabisa, bali kuuita kazi ya mteja ni uongo. Na kazi ya mteja wa kweli haiwekwi hadharani bila ruhusa yake, hasa mahojiano, kwa kuwa waliohojiwa waliahidiwa siri.

Katika siku hizo tulishawishiwa njia za mkato, na hatuoni haya kusema. Jamaa mmoja alitushauri tuandike kwamba tuna uzoefu wa miaka mitano. Mwingine alisema binamu zetu wajiandikishe kama wateja, watupe kazi ya bandia na nyota tano. Wa tatu alikuwa na akaunti yenye nyota, akitaka kuikodisha. Mambo haya yote yamekatazwa, na anayegunduliwa hufungiwa. Lakini hata asiyegunduliwa, swali la kwanza la mteja humuumbua, maana mwenye miaka mitano ya kazi hawezi kushindwa kueleza aina moja ya kazi aliyowahi kuifanya.

Kosa moja, hata hivyo, tulikuwa tumeshalifanya bila kujua. Wasifu wa kwanza ulisema "sisi", chini ya picha ya mmoja. Akaunti ya namna ile ni ya mtu mmoja, na aliyepewa kazi ndiye anayepaswa kuifanya. Hatuwezi kupokezana kama jembe. Basi tuliamua kila mmoja awe na wake. Hapo nako tukakutana na shida inayowahusu wanawake walioolewa: kitambulisho cha taifa cha mmoja wetu kina jina la baba yake, na akaunti yake ya benki ilikuwa na jina la mume. Jina la wasifu, la kitambulisho na la mahali pesa zinapoingia yanatakiwa kukubaliana. Mama msomaji, lishughulikie hilo mapema, kabla pesa haijaanza kukusubiri. Sisi lilitula siku kumi na moja.

Wasifu mpya wa mwalimu wetu ulianza hivi, tukiuweka hapa kwa Kiswahili. Kichwa: "Mahojiano ya Kiswahili kuwa maandishi na tafsiri ya Kiingereza, uchimbaji mdogo wa dhahabu, Geita." Kisha: "Ikiwa katika sauti zako watu wanataja duara, mwalo na marudio, mimi naishi mahali maneno hayo yanapotumika kila siku. Tazama hapa chini dakika tatu nilizoziandika na kuzitafsiri, uone utakachopokea." Baada ya hapo alieleza anavyofanya kazi, kwa siku anamaliza dakika ngapi za sauti, na anavyotunza siri. Akamalizia na yale asiyoyaweza: "Mimi ni mgeni katika soko hili na sina maoni ya wateja, ndiyo sababu nimeweka mfano. Kisukuma nakisikia, lakini siwezi kukiandika vizuri. Sehemu zenye Kisukuma nitaziwekea alama, sitazibahatisha."

Tulibishana juu ya maneno hayo ya mwisho. Fundi wetu aliona ni kujiharibia soko. Mwalimu alisema mteja ataugundua upungufu huo siku ya kwanza ya kazi, basi afadhali ausome akiwa bado na nafasi ya kuchagua. Mtaona mbele yaliyotokea.

Bei nayo tuliibadili. Kuandika saa moja ya sauti safi huchukua saa nne au tano, na yenye kelele huzidi. Tafsiri huchukua karibu muda kama huo tena. Mteja hajui wewe una kasi gani, kwa hiyo bei ya saa humtia hofu. Tulitaja bei kwa dakika ya sauti, dola 1, maandishi na tafsiri pamoja. Akiwa na dakika 20 anajua ni dola 20, na hesabu imekwisha.

Sasa hatukutuma ovyo. Tulichagua matangazo yaliyotaja mahojiano ya Kiswahili tu, na katika barua mistari miwili ya kwanza ilijibu tangazo lenyewe, maana hiyo ndiyo anayoiona mteja kabla ya kuifungua barua. Ombi la kwanza hadi la tano halikuzaa kitu, ingawa wawili waliuliza maswali. Mmoja kati yao alitaka dakika 30 bure "za majaribio". Tulimjibu kwa adabu kwamba mfano upo, na akipenda jaribio la sauti yake, tutalifanya kwa malipo. Hakurudi. Kazi nzima ikiombwa bure kwa jina la jaribio, mara nyingi jaribio ndilo kazi yenyewe.

Ombi la sita lilikwenda kwa mtafiti wa chuo kikuu kimoja cha Ulaya, mama kama sisi. Tangazo lake lilisema amekuwa Geita na ana mahojiano kumi. Barua ya mwalimu ilianza: "Umesema baadhi ya waliohojiwa ni akina mama wa mwaloni. Je, walieleza marudio yanabaki kwa nani? Nauliza kwa sababu neno hilo hutafsiriwa vibaya mara kwa mara." Alijibu usiku uleule. Alisema mtafsiri wa kwanza alikuwa ameandika kwamba akina mama wanafanya kazi "ufukweni".

Alitoa jaribio la dakika 20 kwa dola 20. Mwalimu hakugusa sauti mpaka alipoona mteja ameshaweka pesa chini ya mkataba. Pesa hiyo hushikwa na soko, mteja hana mkononi, nawe huna. Ukishakabidhi kazi, mteja ana siku 14 za kukubali au kuomba marekebisho. Akinyamaza, pesa huachiliwa yenyewe, kisha hukaa siku chache tena kabla ya kutolewa. Aliyeanza kazi bila pesa kuwekwa hana ulinzi huo.

Jaribio lilichukua saa tano: mbili za kuandika, mbili za kutafsiri, moja ya kusikiliza tena yote tangu mwanzo. Soko hukata sehemu yake. Tangu Mei 2025 makato kwa mikataba mipya ni kati ya 0 na asilimia 15, nayo huonyeshwa kabla hujatuma ombi. Sisi tulikatwa asilimia 10, zikabaki dola 18. Kwa saa tano si pesa nyingi, hatuwadanganyi. Lakini mtafiti yule alileta mahojiano mengine tisa, jumla ya dakika 340, kwa bei ileile. Mwalimu aliyafanya kwa majuma matano, usiku zaidi, umeme na mtandao viliporuhusu. Wifi yake alipika na kulaza watoto wa nyumba zote mbili, bila kusikiliza sauti hata moja, kwa kuwa siri ile haikuwa yake.

Katika mahojiano ya nne bibi mmoja aliacha Kiswahili akaanza Kisukuma, dakika tisa nzima. Mwalimu aliweka alama, kama alivyokuwa ameahidi kwenye wasifu. Mtafiti akauliza, "Unamjua mtu anayeweza?" Akajibiwa kwamba yupo, ni wifi yangu, tunaishi kiwanja kimoja, wasifu wake ni huu, umsome mwenyewe uamue. Wasifu wa fundi ulikuwa na mfano wake, dakika mbili za Kisukuma alizoziandika na kuzitia Kiswahili. Akapewa mkataba wake peke yake, dola 18 kwa dakika tisa. Hivyo upungufu uliokirihiwa na fundi ndio uliompatia yeye kazi ya kwanza.

Kazi ilipokwisha, mtafiti alimwandikia kila mmoja maoni. Hayakusema wachapakazi wala waaminifu. Yalisema kwamba pale tusiposikia tuliandika kwamba hatukusikia.

Kikoba tulikilipa, juma moja baada ya siku tuliyoahidi, na faini ya kuchelewa tukatoa. Tangu hapo mwalimu amepata kazi tatu zaidi kwa miezi mitano, na fundi moja. Kazi za namna hii huja kwa vipindi, watafiti wanaporudi kutoka safarini, wala huwezi kupanga ada ya shule juu yake peke yake. Cherehani bado inazunguka.

Mifano yetu miwili ingali imetundikwa pale juu ya maoni ya wateja, ingawa sasa nyota zipo. Wateja wapya watatu walitaja dakika tatu za baba kabla ya kutaja nyota. Mwenyewe tulipomweleza, aliuliza kama wale watu wa mbali walielewa mwishoni nani hubaki na marudio. Tulimwambia wameelewa. Akasema, "Basi wamewazidi wengi wa hapa Katoro."